Pendulamu iliyotoa g ya 974.775743: kisa cha jedwali moja la matokeo

Jumamosi moja asubuhi, katika maabara ya shule ya kutwa upande wa Eastlands hapa Nairobi, msichana wa kidato cha nne aliniletea daftari lake la majaribio. Chini kabisa ya ukurasa alikuwa ameandika jibu la g, yaani mchapuko wa graviti, ambao vitabuni ni 9.81 m/s², na kulipigia mstari mara mbili: g = 974.775743 m/s².

"Mwalimu, hesabu nimeirudia mara tatu," akasema. "Kikokotoo kinanipa hiyo hiyo."

Alisema kweli. Nilipoirudia mimi, nami nilipata hiyo hiyo. Uzi ulikuwa umefungwa vizuri, gololi ilikuwa ikipembea bila kuzunguka, na muda alikuwa ameupima kwa makini kuliko wenzake wengi. Kosa halikuwa kwenye stendi wala kwenye kikokotoo. Lilikuwa ndani ya jedwali, kati ya safuwima ya kwanza na ya nne, na nimeona nilieleze kwa urefu kwa sababu jedwali kama hilo hunijia kila muhula.

Jaribio lenyewe ni lile linalojulikana. Gololi ya chuma inaning'inizwa kwa uzi kwenye stendi. Urefu L hupimwa kwa rula ya mita kutoka pale uzi uliposhikwa hadi katikati ya gololi. Gololi husogezwa pembeni kidogo na kuachiliwa, kisha muda t wa mipembeo 20 hupimwa kwa saa ya kubonyeza. Muda wa mpembeo mmoja, T, ni t gawanya kwa 20. Ukichora grafu ya T² dhidi ya L unapata mstari ulionyooka ambao mteremko wake ni 4π²/g, na hapo ndipo g inapopatikana. Hili ndilo jedwali alilonionyesha, nimelinakili kama lilivyokuwa:

| L (cm) | t (Sec) | T | T² (s) |
|---|---|---|---|
| 50 | 28.35 | 1.4175 | 2.00930625 |
| 60 | 31.2 | 1.56 | 2.43 |
| 70.0 | 33.57s | 1.6785 | 2.81736225 |
| 0.8 | 36.01 | 1.8 | 3.24 |
| 90cm | 38.06 | 1.903 | 3.621409 |
| 100 | 40.23 | 2.0115 | 4.0461 |

Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa nne. Safuwima inasema sentimita, lakini pale pameandikwa 0.8. Nilimwuliza urefu ule aliupimaje. Akaeleza kwamba alipofika hapo alikumbuka mwalimu wake wa darasani akisisitiza mita, akaandika mita, kisha safari iliyofuata akarudi kwenye sentimita bila kufikiri. Kwenye grafu, nukta ile ilikuwa imekwenda kukaa peke yake karibu kabisa na mhimili wa wima, huku nyingine tano zikiwa zimejipanga. Alikuwa ameizungushia duara na kuandika pembeni kwamba ni kipimo kibovu, basi akakiacha.

Hapo nilisikitika, na nilimwambia hivyo. Kipimo kile cha sekunde 36.01 kilikuwa kizuri sawasawa na vingine. Ukikiweka kwenye sentimita 80.0 kinaangukia mstarini bila shida. Alitupa moja kati ya vipimo sita vyake, kazi ya dakika kadhaa za kusimama akihesabu mipembeo, kwa sababu namba ilibadilisha kizio na kichwa cha safuwima hakikubadilika. Ndiyo maana kizio huandikwa mara moja tu, kwenye kichwa, na chini yake zikabaki namba tupu. Si suala la kupendeza macho. Ukishaweka "cm" juu, kila namba utakayoandika chini inalazimika kujibu swali lile lile. Ukianza kubandika "s" kwenye mstari mmoja na "cm" kwenye mwingine, kama alivyofanya kwenye 33.57s na 90cm, kila mstari unajitegemea, na mita ikiingia katikati hakuna wa kuishtukia.

Zile 974 nazo zilitoka hapo hapo. Alichagua nukta mbili kwenye mstari wake, moja ikiwa na L ya 55 na T² ya 2.21, nyingine L ya 95 na T² ya 3.83. Tofauti ya T² ni 1.62, tofauti ya L ni 40, na mteremko ni 0.0405. Namba hiyo ni sahihi. Lakini aliiandika bila kizio, na kizio chake ni s²/cm. Ukigawanya 4π² kwa 0.0405 s²/cm unapata sentimita 975 hivi kwa sekunde mraba, ambazo ni mita 9.75. Aliandika m/s² mwishoni kwa sababu ndivyo g inavyoandikwa vitabuni, wala si kwa sababu kizio kile kilitokana na kazi yake. Angekiandika kizio cha mteremko, kingemfuata hadi kwenye jibu.

Kichwa cha safuwima ya nne nacho kina kosa ambalo watu wengi hulipita. T² imepewa kizio cha s. Sekunde ikizidishwa kwa sekunde ni s². Safuwima ya tatu haina kizio kabisa. Na "Sec" kwenye safuwima ya pili iandikwe s, herufi ndogo, isiyo na nukta wala wingi, kwa kuwa alama ya kizio si ufupisho wa neno bali ni alama, kama vile + ni alama.

Baada ya vizio tulifika kwenye tarakimu, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu.

Nilimwuliza kwa nini muda wa mstari wa pili ni 31.2 na wa kwanza ni 28.35. Je, alibadilisha saa? Hapana, saa ilikuwa ile ile. Ilionyesha 31.20, naye akaona ile sifuri haina kazi. Kwenye darasa la hesabu hiyo si hoja, kwani 31.2 na 31.20 ni namba moja. Kwenye jedwali la vipimo ni taarifa mbili. Ukiandika 31.20 unamwambia msomaji kwamba chombo chako kinaonyesha hadi sehemu ya mia ya sekunde, ukaangalia nafasi hiyo, ukakuta sifuri. Ukiandika 31.2 unamwambia nafasi hiyo hukuiona. Vivyo hivyo kwa urefu: rula ya mita ina alama za milimita, kwa hiyo kila urefu unaosomwa juu yake una nafasi moja ya desimali ukiwa katika sentimita. Ni 50.0, si 50. Wala si 50.00, maana hapo utakuwa umedai kuona sehemu ya kumi ya milimita kwa rula ya mbao.

Wapo wanaohofu kwamba 50.0 ina tarakimu tatu za maana na 100.0 ina nne, kwa hiyo safuwima haina usawa. Ina usawa. Kwenye namba zilizosomwa moja kwa moja kutoka kwenye chombo, kinacholingana ni nafasi za desimali, kwa kuwa chombo ni kimoja na alama zake ndogo kabisa ni zile zile kutoka mwanzo hadi mwisho. Idadi ya tarakimu za maana huongezeka yenyewe namba inapokuwa kubwa. Anayeandika 100 ili apate tarakimu tatu kama za 50.0 anaiharibu safuwima kwa nia njema.

Safuwima za kukokotoa ni jambo jingine, na tatizo lake ni kikokotoo. Chombo hiki hufuta sifuri za mwisho hata zikiwa na maana, kisha kinajaza skrini kwa tarakimu hata kama hazina maana. Gawanya 31.20 kwa 20 kitakuonyesha 1.56. Zidisha 1.4175 kwa yenyewe kitakuonyesha 2.00930625. Yule binti alinakili alichokiona. Lakini ile 2.00930625, yenye nafasi nane za desimali, ilitokana na muda wenye nafasi mbili tu. Tarakimu zile za mwisho hazikutoka kwenye pendulamu.

Nilimrudisha nyumbani na jedwali, nikamwomba alisawazishe. Jumamosi iliyofuata alikuja na jedwali safi, na lilikuwa limeharibika kwa njia nyingine.

Alikuwa ameamua kwamba kila kitu kiwe na nafasi mbili za desimali, basi. Urefu alikuwa ameugeuza kuwa mita, vizuri kabisa, isipokuwa sentimita 50.0 zilikuwa mita 0.50. Kugeuza kizio hakubadilishi kile ambacho rula iliona: tarakimu tatu za maana zinabaki tatu, kwa hiyo ni mita 0.500, na 100.0 inakuwa 1.000. Hilo lilirekebishika kwa kalamu. Lililoumiza lilikuwa kwenye T. Alikuwa amekadiria 1.4175 kuwa 1.42, akazidisha 1.42 kwa 1.42, akapata 2.0164, akaandika 2.02. Ukianza na namba kamili na kukadiria mwishoni, unapata 2.01. Mstari wa tano ulisema 3.61 badala ya 3.62, na wa sita 4.04 badala ya 4.05.

Makosa ya nafasi ya mwisho, mtu atasema, yana uzito gani? Nilimwomba tuupitishe mstari bora kwa kompyuta ili mkono wa mchoraji usiingie. Kwa namba kamili, bila kukadiria popote njiani, g inatoka 9.75 m/s². Kwa jedwali lake la pili inatoka 9.83. Hakuna aliyegusa uzi wala saa. Tofauti yote ya 0.08 ilizaliwa kwenye karatasi. Tazama pia jinsi ilivyotokea: kukadiria kuliinua nukta ya chini na kushusha nukta mbili za juu, na mteremko hushikiliwa zaidi na ncha zake. Kukadiria kwenye mistari ya katikati kusingesumbua hivyo.

Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilisubiri: "Sasa mwalimu, nafasi ngapi ndizo sawa? Mbili ni chache, nane ni nyingi."

Jibu la haraka la darasani ni kwamba namba iliyokokotolewa ibebe tarakimu za maana sawa na kipimo ilichotokana nacho. Muda una tarakimu nne, kwa mfano 28.35. Unaugawanya kwa 20, ambayo haikupimwa bali ilihesabiwa. Haina shaka yoyote, kwa hiyo haipunguzi tarakimu. (Wengi hufikiri 20 ina tarakimu moja au mbili za maana na wanaikata T hadi 1.4. Mipembeo ishirini ni ishirini kamili.) Kwa hiyo T ina tarakimu nne, 1.418, na T² ina nne, 2.009. Kwa kuwa T na T² zote za jedwali hili ziko kati ya 1 na 5, tarakimu nne zinakuwa nafasi tatu za desimali kila mahali, na safuwima zinanyooka zenyewe.

Lakini sikutaka aondoke na kanuni peke yake, kwa sababu kanuni hiyo inaamini kwamba tarakimu zote nne za saa ni za kweli. Tulisimamisha pendulamu upya kwenye sentimita 50.0, nikamwambia apime mipembeo 20 mara tatu zaidi bila kutazama majibu ya nyuma. Alipata 28.47, 28.28 na 28.41. Pamoja na ile ya kwanza, 28.35, vipimo vinne vya kitu kile kile vilitawanyika kutoka 28.28 hadi 28.47. Saa inaonyesha sehemu ya mia, ila kidole chake kinabonyeza kwa uhakika wa sehemu ya kumi hivi. Mtu huchukua kama sekunde 0.2 kuitikia anachokiona. Kuchelewa kwa kuanza na kwa kumaliza hufutana kwa kiasi, si kote, na kinachobaki ndicho mtawanyiko ule.

Basi t ina shaka ya ±0.1 s. Tarakimu ya mwisho ya saa tunaiandika kwa sababu ndiyo iliyoonyeshwa, na kipimo ghafi huandikwa kilivyosomwa, lakini tunajua haina nguvu. Shaka ya T ni 0.1 gawanya kwa 20, yaani 0.005 s, na hapo unaona faida ya kupima mipembeo 20 badala ya mmoja: shaka nayo inagawanywa. Kwenye T² shaka kwa asilimia huwa mara mbili ya ile ya T, ikatoka takribani 0.014 s² kwenye mstari wa kwanza na 0.02 s² kwenye wa mwisho. Kwa hiyo nafasi ya pili ya desimali ya T² tayari inayumba. Nafasi ya tatu tunaibeba kama akiba ya safari, ili kukadiria kusiongeze kosa lake juu ya kosa la kidole. Nafasi ya nne haina chochote cha kutuambia.

Hili ndilo jedwali la tatu, alilolibandika daftarini:

| L (m) | t (s) | T (s) | T² (s²) |
|---|---|---|---|
| 0.500 | 28.35 | 1.418 | 2.009 |
| 0.600 | 31.20 | 1.560 | 2.434 |
| 0.700 | 33.57 | 1.679 | 2.817 |
| 0.800 | 36.01 | 1.801 | 3.242 |
| 0.900 | 38.06 | 1.903 | 3.621 |
| 1.000 | 40.23 | 2.012 | 4.046 |

Angalia kwamba T² zimekokotolewa kutoka kwenye T isiyokatwa. Ukizidisha 1.418 iliyoandikwa utapata 2.011, si 2.009. Msomaji makini anaweza kudhani kuna kosa, kwa hiyo nilimwomba aandike mstari mmoja chini ya jedwali: T² imekokotolewa kwa thamani kamili ya t/20. Angalia pia sifuri ya 31.20 na ya 1.560, ambazo kikokotoo kilikuwa kimezila.

Mstari wa nne, ule aliokuwa ameutupa, sasa uko mahali pake. Mteremko wa nukta zote sita ni 4.05 s²/m, na g inatoka 9.75 m/s². Kuandika jibu hivyo tu bado ni kudai kupita kiasi. Shaka ya T² inauacha mteremko uyumbe kwa asilimia moja hivi, na g nayo iyumbe kwa takribani 0.1 m/s². Kwa hiyo aliandika g = 9.8 ± 0.1 m/s²: shaka kwa tarakimu moja, na jibu likaishia kwenye nafasi ile ile ya desimali ambapo shaka inaanzia. Ile tofauti ya 0.08 iliyoletwa na kukadiria mapema ilikuwa karibu sawa na shaka yote ya jaribio. Hiyo ndiyo hasara niliyotaka aione: alikuwa karibu kuuongezea mkono wake makini kosa jingine la ukubwa ule ule, bure.

Aliniuliza mwisho kwa nini hakupata 9.81 ya vitabuni. Hapa Nairobi g ni karibu 9.78, kwa sababu tuko kando ya ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi. Lakini jedwali lake haliwezi kutofautisha 9.78 na 9.81, zote zimo ndani ya ±0.1. Akataka kujua ingehitajika nini ili zitofautishwe. Tukapiga hesabu pamoja ubaoni. Kwa mipembeo 200, kosa la kidole lingegawanywa kwa 200 na shaka ya g kutokana na muda ingeshuka hadi 0.01 hivi, ambayo ingetosha. Ila hapo rula ingekuwa ndiyo kikwazo. Ukikosea milimita moja hivi, mara juu mara chini, kutafuta katikati ya gololi kwenye kila urefu, g inayumba tena kwa zaidi ya 0.02, na pengo tunalolitafuta ni 0.03 tu. Angelazimika kupima kipenyo cha gololi kwa kalipa ya vernia na kutafuta njia bora ya kupima uzi, na hapo ndipo safuwima ya L ingestahili nafasi ya nne ya desimali.

Aliandika "L: nafasi 4?" pembeni ya jedwali, akaenda kuomba kalipa kwa fundi wa maabara.